Filta ya kupitisha masafa ya chini isipofuata hesabu: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu unafuata filta moja tu, ile inayokaa kati ya kihisi cha mtikisiko na Arduino Uno kwenye mota za viwanda vya kubangua korosho mkoani Mtwara. Malalamiko yanayoletwa kuhusu filta hii hujirudia, na mengi hayatokani na kuchomelea vibaya. Hutokana na namna daraja na masafa ya kukata yalivyochaguliwa kabla hata rezista ya kwanza haijanunuliwa. Ndiyo maana tunaanza na hesabu yenyewe, kwa sababu kila dalili hapa chini inapimwa dhidi yake.

Filta inayopaswa kuwepo

Mota ya poli nne kwenye umeme wa 50 Hz huzunguka chini kidogo ya mara 1500 kwa dakika, yaani karibu mara 25 kwa sekunde. Tunataka kuona mtikisiko wa mzunguko huo pamoja na marudufu yake mpaka mara nne, kwa hiyo ukanda wa kupita unaishia 100 Hz. Tunaruhusu upotevu usiozidi 0.5 dB hapo. Arduino inachukua sampuli 1000 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kelele ya 900 Hz hujikunja na kuonekana kama 100 Hz. Kelele iliyo kati ya 500 na 900 Hz nayo hujikunja, lakini inaangukia juu ya 100 Hz, mahali ambapo programu inaweza kuitupa. Kwa hiyo ukanda wa kuzuia unaanzia 900 Hz, si 500.

Kiasi cha kuzuia kinatokana na Arduino yenyewe. Ina hatua 1024 za kusoma, kwa hiyo kelele iliyojaza kipimo kizima ikipunguzwa mara 1000, yaani 60 dB, inabaki karibu na hatua moja. Kuzuia zaidi ya hapo hakuleti faida inayoonekana.

Kwa filta ya Butterworth, namba hizo nne zinatosha:

```python
from math import log10
fp, fs, Ap, As = 100, 900, 0.5, 60
a = 10**(Ap/10) - 1
b = 10**(As/10) - 1
print(log10(b/a) / (2*log10(fs/fp)))
n = 4
print(fp / a**(1/(2*n)), fs / b**(1/(2*n)))
```

Mstari wa kwanza unaotoka ni 3.62, kwa hiyo daraja ni 4. Mstari wa pili ndio ambao wengi hawauangalii: unatoa takriban 130 na 160. Maana yake ni kwamba masafa ya kukata hayana jibu moja, yana nafasi. Ukikata chini ya 130 Hz, unakula zaidi ya 0.5 dB kwenye 100 Hz. Ukikata juu ya 160 Hz, hufikishi 60 dB kwenye 900 Hz. Ukijaribu `n = 3`, kikomo cha chini kinakuwa 142 na cha juu kinakuwa 90, yaani nafasi imepinduka na hakuna masafa yoyote yatakayotimiza masharti yote mawili. Hiyo ndiyo sababu ya kupandisha 3.62 hadi 4 badala ya kusema tatu na nusu inatosha.

Tunaweka ukataji katikati ya nafasi. Rezista ya 11 kΩ na kapasita ya 100 nF zinatoa 144.7 Hz, na zinaacha karibu asilimia 10 kila upande kwa ajili ya makosa ya vipuri. Hapo upotevu wa kinadharia ni 0.22 dB kwenye 100 Hz, na kuzuia ni zaidi ya 63 dB kwenye 900 Hz.

Sakiti ni hatua mbili za Sallen-Key, kila moja ikiwa na rezista mbili za 11 kΩ na kapasita mbili za 100 nF. Hatua ya kwanza inahitaji Q, yaani kipimo cha ukali wa kona ya filta, ya 0.541 na ya pili Q ya 1.307. Katika mpangilio huu wa vipuri vinavyolingana, ukuzaji ndio unaopanga Q: ukuzaji ni 3 ukitoa 1/Q. Hatua ya kwanza inapata 1.15, kwa rezista ya 10 kΩ kwenda kwenye volti ya rejea na 1.5 kΩ kutoka kwenye tokeo. Hatua ya pili inapata 2.23, kwa 10 kΩ na 12 kΩ iliyoungwa mfululizo na 330 Ω. Ukuzaji wa jumla ni 2.57, na tunaurudisha kuwa 1 kwa kuigawa rezista ya kwanza kabisa ya 11 kΩ iwe mbili: 28.3 kΩ (27 kΩ na 1.3 kΩ mfululizo) kutoka kwenye kihisi, na 18 kΩ kwenda kwenye volti ya rejea. Zikitazamwa kutoka upande wa filta, hizo mbili ni 11 kΩ ileile.

Kihisi ni ADXL335 kwenye 3.3 V. Opampu ni MCP6004 moja yenye nne ndani: moja inatenganisha kihisi na filta, moja inashikilia volti ya rejea ya 1.65 V, na mbili ni filta yenyewe.

Kabla ya kutafuta kosa lolote

Toa kihisi. Simu yenye programu ya kutoa mlio inatosha kuwa chanzo cha mawimbi: pitisha sauti ya tundu la spika za masikioni kupitia kapasita ya 10 µF hadi kwenye ingizo la opampu ya kwanza, na unganisha ingizo hilo na volti ya rejea kwa rezista ya 100 kΩ. Upande chanya wa kapasita uelekee kwenye opampu. Weka mlio wa 20 Hz, upime tokeo, na uite kipimo hicho 1. Kisha bila kugusa sauti ya simu panda juu. Filta nzima inapaswa kutoa karibu 0.97 kwenye 100 Hz, 0.71 kwenye 145 Hz, 0.26 kwenye 200 Hz na 0.05 kwenye 300 Hz. Pima kwa osiloskopu ukiipata. Mita nyingi za bei nafuu haziaminiki kwenye volti za AC zikipita 400 Hz, kwa hiyo usiitumie mita ya aina hiyo kuhukumu ukanda wa kuzuia.

Andika namba zako nne. Karibu kila dalili hapa chini ina alama yake kwenye namba hizo.

Dalili ya kwanza: mtikisiko wa karibu na 100 Hz unasomeka mdogo mno

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Mzunguko wa 25 Hz unasomeka vizuri, lakini marudufu ya tatu na ya nne yamefifia, na fundi anaamini beringi ni nzima.

Anza na bodi ndogo ya kihisi, kabla ya filta. Tokeo la ADXL335 lina rezista ya ndani ya 32 kΩ, na bodi nyingi zinazouzwa huja na kapasita ya 0.1 µF kwenye kila mhimili. Mbili hizo ni filta nyingine inayokata 50 Hz, na kwenye 100 Hz inaacha 0.45 tu ya mtikisiko. Kipimo cha simu hakitakuonyesha kosa hili, kwa sababu kihisi umekitoa. Kwa hiyo ikiwa namba zako nne ni sahihi na bado 100 Hz ni dhaifu, tatizo liko hapo. Ng'oa kapasita hiyo na uweke ya 4.7 nF, ambayo ndiyo ndogo kabisa inayopendekezwa na watengenezaji wa kihisi. Ukataji wa kihisi utapanda kupita 1 kHz kwenye mihimili ya X na Y, na upotevu wake kwenye 100 Hz utakuwa mdogo usiohesabika.

Rezista hiyohiyo ya 32 kΩ ndiyo sababu ya kuwepo kwa opampu ya kutenganisha. Wanaojaribu kuokoa opampu moja na kuunganisha kihisi moja kwa moja kwenye filta wanaongeza 32 kΩ juu ya rezista ya kwanza. Ukataji unashuka na umbo la Butterworth linapotea.

Kama kipimo cha simu ndicho kinachoonyesha udhaifu, soma namba. Ukipata 0.71 kwenye 100 Hz, masafa ya kukata yamewekwa pale unapoishia ukanda wa kupita. Hilo ni kosa la kusoma masharti: kwenye masafa ya kukata Butterworth huwa tayari imepoteza 3 dB, yaani karibu asilimia 29. Rudi kwenye nafasi ya 130 hadi 160.

Ukipata karibu 0.81 kwenye 100 Hz na 0.5 kwenye 145 Hz, hatua mbili zimejengwa sawa, kila moja ikiwa na Q ya 0.707. Filta mbili za daraja la 2 zikifuatana hazitoi Butterworth ya daraja la 4. Kila moja inaleta 3 dB zake, na jumla ni 6 dB mahali ulipotarajia 3. Badilisha rezista za ukuzaji tu. Za 11 kΩ na kapasita ziache.

Sababu ya tatu ni kapasita zenyewe. Zile za kauri za duara zilizoandikwa 104 ndizo zinazopatikana kirahisi, na nyingi kati yake ni za aina ambazo thamani hubadilika sana kwa joto na kwa volti. Angalia herufi inayofuata namba: J ni asilimia 5, K ni asilimia 10, na Z inaruhusu kutoka asilimia 20 chini hadi 80 juu. Nafasi yetu ni asilimia 10 kila upande. J pamoja na rezista za asilimia 1 inakuweka kati ya 136 na 154 Hz hata vipuri vyote vikikosea upande mmoja. K inaweza kukutoa nje. Z haifai kabisa. Tumia kapasita za filamu, za polista au polipropilini, zenye J. Kama huna budi kutumia K, nunua kumi na uchague nne zinazolingana kwa mita ya kapasita.

Dalili ya pili: kuna mtikisiko usioelezeka kwenye masafa ya chini

Mota ni tulivu ukiigusa, lakini skrini inaonyesha mtikisiko mkubwa wa, tuseme, 30 Hz. Kabla ya kufungua beringi, badilisha kasi ya sampuli kutoka 1000 kwenda 1100. Mtikisiko wa kweli hautahama kwenye mhimili wa Hz. Wa uongo utahama. Kelele ya 3970 Hz, kwa mfano, huonekana kama 30 Hz kwenye sampuli 1000, na kama 430 Hz kwenye sampuli 1100. Mota zinazoendeshwa na inverta za kudhibiti kasi ndizo zenye tatizo hili zaidi, kwa sababu inverta hukatakata umeme mara elfu kadhaa kwa sekunde.

Ukishajua ni wa uongo, usijaribu kuutoa kwa programu. Baada ya sampuli kuchukuliwa, 3970 iliyojikunja na 30 ya kweli ni namba zilezile.

Sababu ya kawaida ni daraja dogo: mtu alijenga hatua moja ya daraja la 2 akidhani kukata 144 Hz kunatosha. Kwenye 900 Hz daraja la 2 linatoa karibu 32 dB tu, yaani kelele inapungua karibu mara 39 badala ya 1000. Kushusha ukataji ili kufidia hilo kunaua 100 Hz. Hapa hakuna njia ya mkato, ongeza hatua ya pili.

Kama hatua mbili zipo, fupisha ingizo la filta kwenye volti ya rejea huku inverta ikifanya kazi. Kelele ikibaki, haipiti kwenye filta, inaingia baada yake: kwenye waya mrefu kati ya filta na Arduino, au kwenye laini ya 3.3 V. Sogeza filta karibu na Arduino, na uweke 100 nF kwenye miguu ya umeme ya MCP6004. Kapasita ya kauri inafaa kwa kazi hiyo.

Kelele ikitoweka ulipofupisha ingizo, basi inapita ndani ya filta, na hapo kuna udhaifu wa Sallen-Key ambao hesabu haiuonyeshi. Kapasita ya kwanza ya kila hatua inaunganisha ingizo na tokeo la opampu. Kwenye masafa ya juu sana opampu haina tena nguvu ya kushikilia tokeo lake, na kelele inapita kwenye kapasita hiyo kana kwamba filta haipo. Kingo kali za inverta zina masafa ya aina hiyo. Weka 1 kΩ mfululizo na 10 nF kwenda kwenye ardhi, karibu kabisa na mguu wa Arduino. Inakata karibu 16 kHz, kwa hiyo haigusi 100 Hz, na Arduino inavumilia chanzo cha hadi 10 kΩ bila shida. Usiiweke kwenye ingizo la filta, maana hiyo 1 kΩ itaongezeka kwenye rezista zako na kusogeza ukataji.

Dalili ya tatu: mawimbi yamekatwa vichwa, au tokeo limeganda

Pima tokeo la kila opampu kwa mita, mota ikiwa imezimwa. Zote zinapaswa kuwa karibu na 1.65 V.

Tokeo likiwa limeganda karibu na 3.3 V, tazama zile rezista mbili za 10 kΩ za ukuzaji. Katika michoro mingi ya vitabuni, yenye umeme wa pande mbili, huenda kwenye ardhi. Hapa lazima ziende kwenye volti ya rejea. Zikienda kwenye ardhi, filta inakuza pia ile 1.65 V na opampu ya pili inagonga dari.

Tokeo likiwa sawa mota ikisimama, lakini mawimbi yanakatwa mota ikizunguka, huenda ule mgawanyo wa 28.3 kΩ na 18 kΩ uliachwa. Kwenye 3.3 V kihisi hutoa karibu 0.33 V kwa kila g. Bila mgawanyo, ukuzaji wa 2.57 unamaliza nafasi ya 1.65 V kwenye karibu 1.9 g, wakati kihisi chenyewe kinafika 3 g. Wimbi lililokatwa huzaa marudufu ya uongo, nayo yanafanana sana na dalili za beringi mbovu. Kosa hili limekwisha kung'olewesha beringi nzima.

Dalili ya nne: kilele karibu na 145 Hz, au filta inapiga mlio yenyewe

Kwenye kipimo cha simu, 145 Hz inatoa 1 au zaidi badala ya 0.71. Q ya hatua ya pili imepanda, na karibu kila mara ni rezista ya 12 kΩ iliyosomwa vibaya. Ikiwekwa 18 kΩ, ukuzaji ni 2.83 na Q inafika 6. Ikiwekwa 22 kΩ, ukuzaji unapita 3 na hatua hiyo si filta tena, inazalisha mawimbi yenyewe bila ingizo. Zima umeme na upime rezista ukiwa umenyanyua mguu mmoja, kwa sababu ndani ya sakiti mita inasoma na vipuri vingine.

Kama rezista ni sahihi na mlio ni wa masafa ya juu sana, angalia urefu wa waya kwenye tokeo. Waya mrefu wenye ngao ni mzigo wa kapasita, na MCP6004 hautaki. Rezista ya 100 Ω mfululizo, mguuni mwa opampu, hutosha.

Bodi iliyofanya kazi vizuri kisha ikaanza kubadilika baada ya miezi, hasa karibu na bahari Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, isafishwe kwanza. Chumvi, unyevu na mafuta ya maganda ya korosho hutengeneza njia ya umeme kati ya nyaya za bodi. Safisha kwa spiriti, kausha vizuri, kisha paka vanishi ya bodi. Hii ni sababu mojawapo ya kuchagua 11 kΩ na 100 nF badala ya 1.1 MΩ na 1 nF, ingawa hesabu ni ileile.

Dalili ya tano: 50 Hz haitoki

Filta haina kosa. 50 Hz iko ndani ya ukanda wa kupita uliouomba mwenyewe. Tumia waya wenye ngao, unganisha ngao upande wa Arduino peke yake, na tenganisha waya wa kihisi na nyaya za mota kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mahali pa kusimama

Kazi yote iliyoelezwa hapa ni ya 3.3 V. Isitoke nje ya hapo. Inverta inayolishwa na umeme wa fezi tatu huhifadhi zaidi ya 500 V za DC kwenye kapasita zake hata baada ya kuzimwa, na muda wa kusubiri umeandikwa kwenye ganda lake. Usifungue inverta kutafuta kelele, na usishike kamwe klipu ya ardhi ya osiloskopu kwenye nyaya zinazokwenda kwenye mota. Kama kelele haikupungua baada ya filta kutoa namba zake nne sawasawa na ingizo kupimwa kwa kufupishwa, kosa liko kwenye ardhi ya mota, kwenye ngao ya kebo yake au kwenye mipangilio ya inverta. Hapo mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwite pia, na usiendelee hata na kipimo kimoja, ukiona ganda la mota linakupiga shoti, au mita ikionyesha volti kati ya ganda la mota na ardhi ya Arduino.

Na mtikisiko ukithibitika kuwa wa kweli kwa kile kipimo cha kubadili sampuli, huku ukikua siku hadi siku, mota isimamishwe na fundi wa mitambo aitwe aitazame beringi.